Kosa Nililolifundisha kwa Majuma Matatu

Walimu wenzangu mliobaki na chaki, nimestaafu mwezi uliopita na tayari nimechoka kupumzika. Basi nimekaa kuandika. Msitarajie habari za vyeo, kwa kuwa nilivyopata vilikuwa vichache, wala za mshahara, maana hata kicheko kina mpaka wake. Nitawaambia habari za kazi yenyewe, na hasa habari ya neno moja la herufi nne lililonivua nguo mbele ya Mbarara nzima. Mimi, Madamu Sifa, mwalimu wa Kiswahili, niliyekuwa nikisahihisha hata matangazo ya mazishi!

Nilipoingia kazini hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nilikuwa nimetoka Fizi, Kongo, nikiwa na mtoto mgongoni na kamusi kifuani. Siku ya kwanza walinipa darasa la watoto themanini, madawati kumi na mawili, na kengele ambayo ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwa waya. Nikawaambia watoto wakae. Wakacheka. Nikauliza wanachekea nini, mmoja akasimama kwa adabu akasema, "Madame, tukae fasi gani?" Nikatazama, kweli hapakuwa na fasi. Tukasoma tumesimama hadi saa sita, na mpaka leo naamini yale ndiyo masomo niliyofundisha vizuri kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyesinzia.

Aliyenifundisha mdahalo alikuwa Mzee Nestori, Mrundi, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliyekuwa karani wa mahakama kwao kabla ya kukimbia. Hapa kambini alilima maharage, na Jumatano alasiri alikuja shuleni kuwagombanisha watoto, kama alivyosema mwenyewe. Vyombo vyake vilikuwa viwili tu. Cha kwanza, mabenchi mawili yaliyoelekeana. Cha pili, ile ringi. Watoto wa benchi hili wanatetea hoja, wa benchi lile wanaipinga, na ringi ikigongwa kila mtu anahama benchi na kuendelea pale pale mwenzake alipoachia. Mtoto aliyekuwa akisema "kamwe" alijikuta anasema "lazima", na darasa zima linavunjika mbavu. Na alikuwa na sharti moja: huruhusiwi kuijibu hoja ya mwenzako mpaka uieleze kwanza, vizuri, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo hiyo. Alipata kuniambia kuwa mahakamani aliona watu wengi wakishindwa kwa kujibu jambo ambalo hakuna aliyelisema. Aliporudi kwao Burundi aliniachia mabenchi, ringi na Jumatano. Ningemsikiliza zaidi, haya mengine yasingetokea.

Miaka ikapita. Kiswahili kikaanza kusukumwa mashuleni Uganda, na mimi nikawa mtu wa maana ghafla. Walimu wa wilaya yetu ya Isingiro waliniletea barua zao nizinyooshe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililitia ndoo nzima.

Ndipo ikaja karatasi kutoka shule moja ya Ruti, pale mjini Mbarara, barabara ya Kabale. Tumeingia fainali ya mdahalo wa Kiswahili, sisi na wao wenyeji. Mada: "Adhabu ya kifo ifutwe." Asubuhi kila timu itasimama upande mmoja, alasiri tutabadilishana, kwa hiyo kila mtu aandae pande zote mbili. Chini yake palikuwa na vichwa vitatu vya kuzingatiwa: Kisasi. Kizuizi. Kosa. Na mstari wa mwisho ulisema kwamba msemaji bora, wa timu yoyote, atapewa nafasi ya kusoma kidato cha tano na cha sita pale Ruti, bila ada.

Mstari ule wa mwisho niliusoma mara tatu, kisha nikamwita Mapendo. Mapendo alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mama yake anauza mihogo ya kukaanga sokoni, na alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa alama za kung'aa ambazo hazikumfikisha popote. Kambini petu, mwenye alama nzuri na mwenye alama mbaya walikutana kwenye shamba lile lile la mahindi. Alikuwa bado anakuja Jumatano kwa mazoea tu. Nikamwonyesha karatasi. Akasoma, akaikunja, akasema, "Madame, iyi yangu." Hakusema neno jingine, akaenda kutafuta kalamu.

Msemaji wa pili alikuwa Onesimo, kijana wa Kirundi mwenye sauti ya kondakta wa kwaya na kichwa kisichokubali jambo bila kulichokonoa. Tukaanza.

Kisasi kilituchukua wiki nzima. Mapendo alitetea kwamba aliyeua kwa makusudi amejichagulia bei mwenyewe. Ukimpa adhabu ndogo umewaambia ndugu wa marehemu kwamba mtu wao alikuwa bei rahisi, na zaidi ya hapo, kumwadhibu mtu kwa kiasi cha alichotenda ni kumheshimu kama mtu mwenye akili aliyechagua. Onesimo akasema hicho ni kisasi kimevalishwa joho. Hapo nikawasimamisha, kwa kuwa ndiyo njia panda ya mada hii, na ukiikosea unatembea porini mpaka jioni. Kisasi hakina kipimo, chaweza kumshukia hata ndugu wa mkosaji, na anayekilipiza ni yule yule mwenye uchungu. Adhabu ya stahili ina kipimo, inamshukia aliyetenda peke yake, na inatolewa na mtu asiye na ugomvi naye. Hata "jicho kwa jicho" iliwekwa ili iwe kikomo: jicho moja, usizidishe. Basi anayetetea adhabu ya kifo asimame kwenye stahili, asikubali kusukumwa kwenye kisasi.

Nikagonga ringi, wakahama. Sasa Mapendo ndiye mpinzani, akageuka kama chapati kwenye kikaango: mchoma nyumba hatumchomei nyumba yake, mbakaji hatumfanyii alichofanya, kwa hiyo kumbe stahili haitaki tuige tendo. Inataka tu kosa kubwa zaidi lipate adhabu kubwa zaidi, na juu kabisa ya ngazi paweza kuwekwa kifungo cha maisha, ngazi isivunjike. Onesimo akaomba ringi igongwe. Watoto waliokuwa dirishani walipiga makofi.

Wiki ya pili, kizuizi. Hapa kila mtu huanza vibaya. Husema, "Watu wanaogopa kufa, basi kifo kinazuia." Nikawaambia swali siyo hilo. Swali ni kama kifo kinazuia kuliko kifungo cha maisha, kwa mtu yule, dakika ile ameshika panga. Mwenye hasira hapigi hesabu. Mwenye kupanga amepanga asikamatwe, kwa hiyo adhabu yoyote kwake ni ya watu wengine. Na msiniletee "aliyenyongwa harudii", maana hiyo ni kumwondoa mtu, siyo kuwatisha wengine, na gereza nalo linaondoa. Wala msilinganishe nchi na nchi kwa pupa: Burundi wameifuta, Uganda wanayo kwenye sheria, Kongo yetu ilikuwa imekaa miaka mingi ikihukumu bila kutekeleza. Kati ya nchi hizo kuna vita, njaa na polisi tofauti, nani atakuambia kipi kimeleta nini? Wataalamu wenyewe hawajapatana.

Mapendo ndiye aliyeleta mfano uliofunga wiki. Bombani kwao kulikuwa na sheria ya kutisha: anayeruka foleni atafungiwa maji mwezi mzima. Hakuna aliyewahi kufungiwa, nani amnyime mtu maji mwezi? Basi kila mtu akaruka. Kisha akaja mama mmoja mlinzi wa bomba, mnene, mtaratibu, asiyegombana na mtu. Ukiruka, anabeba jerikani lako anaenda kuliweka mwisho. Kila mara. Bila tusi. Siku nne foleni ikanyooka kama rula. Kinachozuia, akasema, ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu.

Ringi! Na Onesimo, sasa mtetezi, akajibu vizuri mno: yule mama angekuwa na vyote viwili, uhakika na ukali, je? Tena kama hatujui kwa yakini, kuna kamari. Tukinyonga na kumbe hakuzuii, tumepoteza wauaji; tukiacha kunyonga na kumbe kungezuia, tumepoteza watu wema. Wewe ungecheza na maisha ya nani? Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu mtoto atakuwa waziri au atafungwa.

Wiki ya tatu, kosa. Jamani.

Nilisimama ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: KOSA = JINAI. Nikawaeleza kwamba waandaaji wanataka tujadili ni kosa la aina gani linalostahili kifo: mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha. Nikawaeleza kwamba Mahakama ya Juu ya Uganda imekwisha kukataa kifo kuwa adhabu ya lazima kwa kosa lolote, jaji lazima amsikilize mtu na hali yake, na anayepita miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa, hukumu yake inakuwa ya maisha. Yote hayo ni kweli. Nilikuwa sahihi kwa kila jambo isipokuwa lile tulilokuwa tukilifanya.

Onesimo akainua mkono. Akauliza, na kama wamemunyonga mutu ambaye hakufanya kitu? Nikamjibu kwamba swali lake ni zuri lakini halimo kwenye karatasi, na kwamba mdahalo hupotezwa na watu wanaojibu jambo lisilosemwa. Nilimtumia maneno ya Mzee Nestori kama fimbo! Onesimo akaketi. Mapendo akaandika ubao wangu wote kwenye daftari lake, akapigia mstari kwa rula.

Siku yenyewe tulipita Kabingo na jua la asubuhi, tukiimba, mimi nimevaa kitenge cha Pasaka. Ruti walitupokea kwa heshima zote. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mugisha, mwalimu wa pale aliyejifunza Kiswahili jeshini, mtu mcheshi na mwenye tumbo la ukarimu. Alifungua kwa kusema, "Nyinyi watu ya Nakivale, karibu sana. Kila mutu ako na dakika saba, muda yake ikiisha nitapiga meza." Na mimi, bila kuulizwa, nikasimama nikasema kwa sauti tamu, "Muda wake ukiisha, Mwenyekiti." Ukumbi ukacheka. Bwana Mugisha akaniinamia, akaniita bibi kwa lugha ya kwao, "Asante nyabo, muda wake." Nikaketi nimeshiba sifa, na Mungu akanitazama.

Asubuhi tulikuwa watetezi wa adhabu. Mapendo alianza na stahili, akaenda kwenye kizuizi, majaji watatu wakawa wanaandika bila kuinua vichwa. Kisha akaingia kwenye kosa. Akafafanua uhaini. Akafafanua unyang'anyi. Nikaona jaji wa katikati ameacha kuandika na kumtazama mwenzake.

Akainuka msemaji wa Ruti, kijana mrefu mwenye miwani. Akasema sasa anakuja kwenye kichwa cha tatu, kosa, yaani pale mahakama inapokosea. Akauliza: shahidi aliyeona mtu jioni kwa mbali je, akimfananisha? Aliyekiri kwa sababu amepigwa je? Maskini ambaye wakili wake alimwona kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi je? Kaburini hakuna rufaa. Halafu akamgeukia Mapendo akamwomba kwa adabu atueleze uhaini unahusianaje na hayo.

Nilihisi kitenge changu cha Pasaka kinaniwaka mwilini. Kosa la kutenda, kosa la kukosea! Neno lile lile! Mtoto wa chekechea angejua! Mapendo alisimama, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, mistari yote iliyopigwa rula, na hakuna hata mmoja wa kumsaidia. Akasema kwamba angependa kurudi kwenye stahili. Bwana Mugisha akapiga meza, na safari hii hakuna aliyemsahihisha.

Tukapoteza asubuhi. Kwa alama za msemaji binafsi Mapendo alikuwa nyuma ya yule mwenye miwani, na kidato cha tano kilikuwa kinaondoka na miwani ile.

Chakula cha mchana kilikuwa matoke na mchuzi wa njugu, na sijawahi kuona matoke yaliyonitazama vile. Nikawaambia watoto ukweli: nimekosea mimi, nimewapoteza mimi. Mapendo alikuwa anakula polepole, hanitazami. Onesimo ndiye aliyeanza kusema. Alinikumbusha kwamba juu ya ubao wa darasa letu, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu, nilikuwa nimeandika methali: Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Miaka sita methali ile ilikuwa inanitazama kisogo nikiandika KOSA = JINAI! Nikaanza kucheka. Sikutaka, lakini kicheko kilikuja chenyewe, kikanishika mbavu, Onesimo akashikwa, na mwishowe Mapendo akaweka sahani chini akaficha uso kwenye mikono, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Alikuwa anafanya yote mawili.

Tulikuwa na nusu saa. Hapakuwa na mabenchi, tukasimama uani, mti wa mparachichi huku na ukuta kule, na badala ya ringi nikagonga sahani kwa kijiko. Mara ya kwanza Mapendo awe mtetezi, ili alijue jibu atakalopewa alasiri. Akasema: adhabu zote zinakosea, hata miaka ya gerezani hairudi. Kuwaachia wauaji nako ni kukosea, na waathirika wa kosa hilo hawana jina. Dawa ya kosa ni ushahidi bora na rufaa, siyo kufuta adhabu. Nikagonga sahani. Akavuka uani, akazieleza hoja hizo zote kwanza, kama Mzee Nestori alivyotaka, kisha akaanza kuzijibu. Ushahidi unaotakiwa ni usioacha shaka ya maana, siyo usioacha shaka yoyote, kwa hiyo sheria yenyewe inakiri itakosea. Miaka hairudi, ndiyo, lakini mlango unaweza kufunguliwa. Kisha akatia kidole mdomoni, akasema taratibu kwamba kuna jambo jingine: anayetetea stahili anasema mtu apate anachostahili, sasa asiye na hatia anastahili nini? Ukimnyonga, umetenda lile lile ulilomnyongea muuaji. Kosa linaingia mpaka ndani ya nyumba ya stahili na kuiangusha kutoka ndani. Onesimo alipiga mluzi.

Kengele ya Ruti ikalia. Tukiwa mlangoni, Mapendo akanivuta mkono.

"Madame, niko na ruhusa kukutaja mule ndani?"

"Nitaje, mwanangu," nikasema, "nitaje bila wasiwasi."

Nikadhani atanishukuru! Walimu wenzangu, nilinyoosha kilemba. Nilikaa mstari wa mbele, mikono juu ya mapaja, uso umetayarishwa kwa ajili ya sifa.

Alipita kwenye stahili na kwenye bomba la maji, ukumbi ulicheka kwa yule mama na jerikani. Akazieleza hoja za wapinzani kuhusu kosa, vizuri kiasi kwamba kijana wa miwani alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaacha daftari mezani.

"Waheshimiwa majaji, asubuhi mulinisikia nikisema juu ya uhaini. Nitawaambia sababu. Mwalimu wetu, Madamu Sifa, yule pale, amefundisha Kiswahili miaka mingi kuliko umri wangu. Asubuhi mulimuona akimusahihisha Mwenyekiti. Alisoma neno moja, kosa, akalielewa vibaya. Hakupigwa. Hakulewa. Hakuwa na adui. Alikuwa na kamusi na majuma matatu. Na mwenzangu alimuonya, akamwambia aketi." Akanitazama, na macho yake hayakuwa na ubaya hata kidogo. "Sisi tumeharibikiwa asubuhi moja tu. Saa saba amekiri, saa nane tumesahihisha, kwa sababu wote tulikuwa wazima. Mahakama ni watu kama Madamu Sifa, wazuri, wenye bidii. Ninyi mutamupa nani kamba ambayo haisahihishwi?"

Jaji wa katikati akatoa kalamu mdomoni, akauliza kupitia Mwenyekiti kama habari hii ni ya kweli au ni ya kutungwa. Bwana Mugisha akanigeukia, na nawaambia angeweza kulipiza, alikuwa na kila sababu. Akasema kwa upole tu, "Nyabo, simama utusaidie."

Nikasimama. Kilemba, kitenge, kamusi, miaka yote ile. Nikasema, "Ni kweli, waheshimiwa. Nimekosa." Hiyo ndiyo sentensi yangu fupi kuliko zote nilizowahi kusema hadharani. Makofi yaliyolipuka sijui yalikuwa ya nani, lakini Onesimo alikuwa amepanda juu ya kiti na Bwana Mugisha alikuwa anapiga meza bila muda wa mtu yeyote kuisha.

Kikombe kilibaki Ruti kwa alama moja. Msemaji bora alikuwa Mapendo. Alipoitwa hakwenda mbele, alikimbia kwanza hadi kwangu, akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka, akaninong'oneza, "Aksanti ya kukosa, Madame." Njia nzima mpaka Kabingo tuliimba, na tulipofika nyumbani mama yake alipiga vigelegele huku mikono yake ina unga hadi kwenye viwiko. Usiku ule nilifuta ubao, lakini methali nyekundu niliiacha.

Akasoma Ruti miaka yake miwili. Baadaye akapata kazi kwenye ofisi ya wakili mmoja mjini, na mahakama ilipokosa mtu wa Kiswahili cha Kongo ilimwapisha awe mkalimani. Ndipo mwaka jana akanipigia simu, akaanza bila salamu: "Madame, lile neno limerudi."

Alikuwa kizimbani kando ya mshtakiwa, mwenzetu wa Kivu aliyechunga ng'ombe upande wa Endiinzi. Shauri la mauaji, kosa ambalo bado lina kifo kwenye vitabu. Mwajiri wake alikutwa amekufa zizini. Upande wa mashtaka ulikuwa na mtu mmoja aliyemwona njiani jioni, na maelezo yake ya polisi yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yakisema: nilikwenda kwake, nikamtendea vibaya, nikarudi. Wakili akamwomba askari aliyeyaandika ataje maneno yenyewe yaliyotamkwa. Askari, mtu mkweli tu, akafungua kitabu chake kidogo akasoma: "Nilienda kwake, nilimukosa, nikarudi."

Mnalisikia? Nilimukosa. Hakumkuta! Askari alidhani ni kumkosea. Mtu alikwenda kwa tajiri wake, hakumkuta, akarudi nyumbani, na kwa herufi nne hizo hizo alikuwa anakaribia kamba. Mapendo akainua mkono, akaomba ruhusa ya jaji, akaeleza. Jaji akamuuliza anawezaje kuwa na uhakika kwamba si yeye anayekosea. Akajibu, "Mheshimiwa, nilifundishwa na mtu aliyelikosea neno hili mbele yangu."

Jaji aliyaweka kando maelezo yale, na upande wa mashtaka ulipomaliza ushahidi wake akaona mtu yule hana kesi ya kujibu. Nilipozipata habari hizo nilikuwa nasahihisha madaftari, nikayaacha, nikatoka nje nikagonga ringi peke yangu, mchana, bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mwalimu mkuu. Watoto walihama madarasa yote.

Nami nikastaafu. Juzi nilikuwa uani napepeta maharage, akaja mwanamume mwembamba na mkewe, wamebeba kibuyu cha maziwa. Sikumjua. Alivua kofia, akasimama kama mtu aliye mbele ya jaji, akasema salamu zake zinatoka kwa Mapendo.

"Madame," akasema, "nilikuya juma ilipita, nikakukosa."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Nikamwambia, "Umesamehewa, baba. Kaa." Mkewe akaniuliza tunachekea nini, na yule mwanamume, naye akicheka huku anafuta machozi, akaketi kumweleza.